TAZARA toka Lubumbashi: usiulize itafika saa ngapi, uliza itapita mulimani saa ngapi

Hapa Lubumbashi ukisema uko naenda konje na treni, batu banakuangalia kama vile basi zimeisha.

Banasema: treni ni ya kufikisha mutu tu. Kama shida yako ni kufika, panda ndege, maana TAZARA, ile reli ya Zambia na Tanzania, toka Kapiri Mposhi kule Zambia mpaka Dar es Salaam ni kilomita 1,860, karibu siku mbili, na mara nyingi inazidisha. Lakini kwa mutu wa kutembea ile njia yenyewe njo konje. Ukitoka Makambako reli inateremka mulima kwenda Mlimba, handaki linakumeza, unatoka unaona bonde kule chini kabisa na mukia wa treni yako mwenyewe ukikata kona, kabla hujapiga picha uko ndani ya handaki lingine.

Banasema: tikiti yoyote, utaona vyote. Hapa njo batu banaliwa. Usiku mulima ni giza tupu. Chukua orere, uache saa ya Kapiri na ya Dar, angalia ya Makambako na ya Mlimba, kama kati yao jua limezama basi umelipa kitanda tu. Dawa yake ni kukata safari Mbeya, ungoje treni yenye itapita kule mchana, ao usafiri upande wa kurudi kama njo ule unapita na mwangaza. Na ukivuka Tunduma saa inaruka moja mbele, sisi na Zambia tuko sawa, Tanzania hapana. Treni kuchelewa masaa ni kawaida, inaweza kukuharibia hesabu ao kukupa mulima bure asubuhi, kwa hiyo ndege ya siku ileile ya kufika usinunue.

Banasema: siku zote uziweke Dar. Sisi tuliweka moja mwanzoni, nashukuru, maana miye nilisahau kadi ya homa ya manjano nyumbani, tukarudi toka Kasumbalesa, kilomita karibu 90, siku ikaisha. Treni haiko kila siku, ukiikosa Kapiri unakaa pale. Halafu Kapiri iko na stesheni mbili za treni, ile ya TAZARA iko pembeni, mwambie dereva vizuri.

Siku zingine tukaziweka Mbeya: moja ya kulala tu, ingine ya kupanda kuona ziwa Ngosi ndani ya shimo la volkano, njia inapita msituni na ina matope. Beba sweta, karibu na pale Uyole reli inafika mita 1,790 hivi, bibi yangu alivaa kitenge tatu.

Na huyo bibi usimuahidi kulala pamoja: klasi ya kwanza ni vitanda 4, ya pili 6, wanaume mbali wanawake mbali. Mukitaka kukaa wawili, munalipa vitanda vyote 4.