Je, wajua kwa nini barua ya TRA huchapishwa nakala mbili?

*Kwa nini mhasibu wetu akipeleka barua TRA huchapisha nakala mbili, na harudi ofisini mpaka moja igongwe muhuri? Na tukituma kwa kampuni ya vifurushi, risiti yao haitoshi?*

Nakala moja hubaki TRA. Nyingine hurudi na muhuri wa masjala, na hiyo ndiyo itakayowasemea siku jalada lisipoonekana, au mtu akisema barua ilichelewa. Risiti ya kifurushi inaonyesha tu kwamba bahasha ilitoka mikononi mwenu. Ndani ya bahasha mlikuwa na nini, haisemi.

Uzito wa muhuri huo unaonekana vizuri zaidi kwenye pingamizi la kodi. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi, Sura ya 438, mlipakodi asiyekubaliana na makadirio ana siku 30 za kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu, zikihesabiwa tangu alipofikishiwa notisi. Hapo kuna tarehe mbili: siku notisi ilipowafikia ninyi, na siku pingamizi lilipowafikia wao. Watu hukazania ya pili na kuisahau ya kwanza. Notisi ikiletwa kwa mkono, andikeni juu yake tarehe mliyoipokea na jina la aliyeipokea. Kama ilikuja ndani ya bahasha, msiitupe bahasha.

Chukulia kampuni ya vifaa vya ujenzi iliyoko Mbeya, ambayo mhasibu wake anafanyia kazi Dar es Salaam. Kampuni inapokea notisi ya makadirio Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025. Siku yenyewe ya kupokea haihesabiwi, kwa hiyo siku ya kwanza ni tarehe 4, na ya 30 inaangukia Jumatano, 2 Aprili. Ukitazama haraka, muda ni mwingi. Lakini mwaka ule sikukuu ya Idd el-Fitr ilichukua Jumatatu 31 Machi na Jumanne 1 Aprili, na kabla yake kulikuwa na Jumamosi na Jumapili. Aliyeikosa Ijumaa ya tarehe 28 alibakiwa na siku moja tu ya kazi, na siku hiyo ndiyo ya mwisho.

Sasa tuseme mhasibu anakabidhi bahasha kwa wasafirishaji Ijumaa hiyo jioni, na bahasha inafika TRA Mbeya Alhamisi, 3 Aprili. Risiti yake inasema 28 Machi. Muhuri wa masjala unasema 3 Aprili. Kilichotakiwa ndani ya siku 30 ni kuwasilisha kwa Kamishna Mkuu, na kumkabidhi msafirishaji bahasha si kuiwasilisha TRA. Ndugu zetu walioko Marekani huenda wakashangaa, kwa sababu sheria ya kodi ya shirikisho kule ina kanuni inayoruhusu, kwa masharti yake, tarehe ya muhuri wa posta kuhesabiwa kuwa ndiyo tarehe ya kuwasilisha. Kwetu, hesabu salama ni siku karatasi ilipopokelewa mezani. Mhasibu huyu amebakiwa na njia ya kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu za msingi, na ombi hilo linaweza kukataliwa.

Hata bahasha ingefika mapema, swali la yaliyomo lingebaki. Mkaguzi akisema aliona barua lakini hakuona taarifa za benki, mtamwonyesha nini? Hapa kazi inafanywa na barua ya kuambatisha. Iwe na namba ya TIN, namba ya notisi inayopingwa na mwaka wa mapato, halafu itaje viambatisho kimoja kimoja pamoja na idadi ya kurasa: taarifa za benki Januari hadi Desemba, kurasa 46, ankara za manunuzi, kurasa 112. Kurasa zenyewe zipewe namba kwa kalamu kuanzia 1 hadi mwisho. Muhuri ugongwe kwenye ukurasa wenye orodha hiyo. Ukigongwa mgongoni mwa bahasha, au kwenye ukurasa wa tatu wenye sahihi peke yake, hautawasaidia kuhusu viambatisho.

Kama lazima mtume kutoka mbali, wekeni nakala mbili za barua ndani ya bahasha, moja ikiwa imeandikwa juu kwa herufi kubwa NAKALA YA MLIPAKODI – TAFADHALI GONGA MUHURI NA KURUDISHA, pamoja na bahasha ya kurudishia iliyokwisha kulipiwa. Lakini mimi napenda zaidi njia nyingine: mzigo utumwe kwa mtu wenu aliyeko mjini kule, achukue bahasha, apande mwenyewe hadi masjala na kusubiri. Msafirishaji kazi yake ni kupata sahihi, na akimkuta mlinzi getini, mlinzi atasaini. Sahihi ya mlinzi asiyeandika jina lake ni ushahidi dhaifu sana.

Mkiwa dirishani, usomeni muhuri kabla ya kuondoka. Uwe na jina la ofisi, tarehe inayosomeka, na sahihi au jina la aliyepokea. Mihuri mingi ya tarehe ina gurudumu linalozungushwa kwa mkono kila asubuhi, na kuna asubuhi linasahauliwa. Niliwahi kurudishiwa nakala katika ofisi moja ikiwa na tarehe ya jana yake. Ilikuwa kwa faida yangu, lakini nilimwomba dada aliyekuwa dirishani arekebishe, kwa sababu daftari lao la kupokelea barua lingeonyesha tarehe nyingine, na nakala inayopingana na daftari inatiliwa shaka yote. Alizungusha gurudumu, akagonga upya na kusaini pembeni. Na kama mna kitabu cha dispachi, asaini humo pia, maana kitabu hicho kinabaki kwenu.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Muhuri wa kupokelewa haumaanishi kwamba pingamizi limekubaliwa kusikilizwa. Ili likubaliwe, inatakiwa kulipwa theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au sehemu ambayo haina ubishi, kutegemea ipi ni kubwa, isipokuwa Kamishna Mkuu ameridhia ombi la kupunguza au kusamehe malipo hayo. Makadirio yakiwa shilingi milioni 60 na ninyi mnakubali milioni 12 tu, theluthi ni milioni 20, na hiyo ndiyo ya kulipa. Kwa hiyo stakabadhi ya malipo iliyolipiwa kwa kontroli namba ikae jalada moja na nakala yenye muhuri, pamoja na barua yoyote ya kuomba nafuu, nayo ikiwa na muhuri wake.

Kuhusu kutunza, risiti nyingi za vifurushi huchapwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto, na baada ya miezi kadhaa inabaki nyeupe. Ipigeni skani siku hiyohiyo. Ukurasa wa mtandaoni unaoonyesha mzigo ulifika saa ngapi na nani alisaini, uhifadhini kama picha, kwa kuwa kampuni haziweki taarifa hizo milele. Sheria inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka 5, ila kama pingamizi au rufaa bado inaendelea, jalada hilo lisiguswe hata miaka hiyo ikipita. Na siku TRA wakiwaomba mthibitishe, wapeni fotokopi ya nakala yenye muhuri, tena kwa barua nyingine ya nakala mbili. Yenye wino halisi ibaki kabatini kwenu.