Who ama whom? Sentensi moja ya barua za ofisi inayokosewa sana

Kuna sentensi utaipata sana kwa barua za ofisi hapa Nairobi, na mwenye kuiandika huwa anajaribu kuandika Kiingereza safi: "The officer whom we believe signed the report has been transferred." Ukiisoma haraka inasikika sawa, ya kibosi kabisa, lakini kwa Kiingereza rasmi hiyo whom iko mahali si pake.

Dhana inayoleta hii shida ni kwamba whom ni who iliyovaa suti, yaani barua ikiwa rasmi basi weka whom. Zii, si hivyo. Kinachoamua ni kazi ya hilo neno ndani ya sentensi. Who ni kiima, yule anayetenda, na whom ni yule anatendewa ama anafuata kihusishi kama to ama for.

Sasa rudi kwa ile sentensi. Mtu anaona we believe imekaa pale karibu anadhani ofisa ndiye anayeaminiwa, anaweka whom, kumbe we believe imechomekwa tu hapo katikati. Itoe uone kinachobaki: "The officer who signed the report". Nani alisaini? Ofisa. Kitenzi signed kinataka kiima na hakina kingine ila hiyo who, kwa hivyo andika "The officer who we believe signed the report". Kama bado una wasiwasi, weka he ama him baada ya believe: "we believe he signed" inasomeka, "we believe him signed" inakwama. Palipo na he ni who, palipo na him ni whom.

Lakini chunga, ukibadilisha kitenzi kidogo tu jibu linageuka. "The officer whom we believe to have signed the report" ni sahihi, juu hapo ungesema "we believe him to have signed". Hapa ndipo hata walimu wazuri hubishana na ni kwa sababu hawaangalii kitenzi kinachofuata.

Dhana ingine ni eti who mahali pa whom ni kosa kila wakati. "Who did you send to Kisumu?" kisheria ingekuwa whom, lakini watu waliosoma wanaongea na kuandika hivyo kila siku na haina shida. Mwanaisimu Edward Sapir alishasema mwaka wa 1921 kwamba whom ya maswali kama hayo itakufa yenyewe. Mahali bado kuna ukali ni pale neno linafuata kihusishi moja kwa moja: "the officer to whom the file was given". Ukiandika to who hapo kwa barua ya bodi, mhariri ataikata. Na kama ni "the officer whom we interviewed", unaweza kuitoa kabisa uandike "the officer we interviewed", bado ni Kiingereza rasmi.