Mama mzazi analia: huzuni ya siku chache au sonona?

Dhana: Kila mzazi hulia, akitoka arobaini atakuwa sawa.

Kulia kupo kweli. Kati ya siku ya tatu na ya tano baada ya kujifungua, homoni za ujauzito zimeshuka ghafla na maziwa ndiyo kwanza yanajaa. Mama hucheka na kulia ndani ya saa moja. Zaidi ya nusu ya wazazi hupitia hali hii, nayo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Ikivuka hapo, huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha yenyewe upesi, na kungoja arobaini ni kumchelewesha. Sonona inaweza pia kuanza mwezi wa nne, ndugu waliokuja kumlea mzazi wakiwa wamesharudi makwao.

Dhana: Ni uchovu tu, alale.

Hapo ndipo pa kupimia. Tuseme mama yuko wiki ya tano. Bibi kamchukua mtoto, chumba kimetulia. Mwenye uchovu wa kawaida atalala fofofo. Mwenye sonona mara nyingi hulala macho wazi akijilaumu, au huamka bado mzito, chakula hakimvutii, wageni hawataki. Apimwe na wingi wa damu, kwa sababu upungufu wake nao humlegeza mtu hivyohivyo.

Dhana: Hampendi mwanawe.

Huyo mama ananyonyesha, anaogesha, anabadilisha nepi, ila kimyakimya, kama anayefanya kazi ya mtu mwingine. Mtoto hutafuta uso unaomjibu. Asipoupata, hugeukia pembeni. Mama naye husema moyoni, “Hata yeye hanitaki,” akazidi kujitenga. Kumwambia “mpende mtoto” kunamwongezea hatia tu. Kinachosaidia ni matibabu, pamoja na dakika chache zisizo na haraka: mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, au kuongeleshwa anapokandwa mafuta. Mapenzi yaliyochelewa bado hujengeka.

Dhana: Akianza dawa ataachishwa kunyonyesha.

Si lazima. Wengi hutibiwa kwa mazungumzo na mshauri. Dawa zikihitajika, sertralini, kwa mfano, hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana, na daktari anaweza kuitoa huku mama akiendelea kunyonyesha.

Pa kuanzia ni kliniki ya wiki ya sita, mtoto anapokwenda chanjo. Kwa kawaida anayepimwa uzito ni mtoto, mama hukaa tu kwenye benchi. Basi yeye au aliyemsindikiza amwambie nesi waziwazi: “Silali hata mtoto akilala.” Yapo maswali kumi ya kupimia sonona, yaitwayo ya Edinburgh, kuhusu siku saba zilizopita, la mwisho huuliza kama amewaza kujidhuru. Akihitaji zaidi, hupewa rufaa kwenda kitengo cha afya ya akili, kama kilichopo Muhimbili, Mirembe ya Dodoma au Mathari ya Nairobi.

Akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, akikesha bila kuhisi usingizi, au akizungumzia kujidhuru au kumdhuru mtoto, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na hadi afike asiachwe peke yake wala na mtoto.