Milango na makabati ya vanishi yaliyoshika mafuta: yanayosemwa na yaliyo kweli

“Ni mafuta tu, yanataka dawa kali.”

Mafuta ya alizeti yakiwa ndani ya chupa ni majimaji, na sabuni kidogo tu inayatoa. Lakini ukikaanga samaki au chipsi, matone madogo mno yasiyoonekana hupanda na mvuke na kutua kwenye makabati. Yakishatua hukutana na hewa, na kadiri wiki zinavyopita yanashikana, yanakuwa mazito na ya njano, kisha yananata na kukamata vumbi. Vanishi ya mafuta ya fundi seremala nayo hukauka kwa njia iyo hiyo. Kwa hiyo ule utando wa kahawia juu ya mninga wako si mafuta mabichi tena, ni mafuta yaliyokwisha anza safari ya kuwa vanishi.

Ndiyo maana dawa kali ni hatari hapa. Kinachoweza kuutafuna ule utando upesi kinaweza kuitafuna na vanishi iliyo chini yake. Magadi na sabuni zenye soda nyingi huondoa mafuta kweli, lakini hula vanishi ya mafuta, na zikipenya hadi kwenye mbao huacha mabaka meusi, hasa kwenye mbao zenye utomvu mkali. Ukitumia sabuni ya maji ya kupimwa mtaani kwenye chupa zilizotumika, ijaribu kwanza upande wa ndani wa mlango, kwa sababu kiasi cha soda hutofautiana sana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji. Stilwaya nayo huchana vanishi kwa mistari myembamba, na mistari hiyo ndiyo inayoshika mafuta safari ijayo. Kabati lililosuguliwa hivyo huchafuka haraka kuliko awali.

Utando huu unalainishwa kwa muda, si kwa nguvu.

“Mwagia maji ya moto yenye sabuni, usugue.”

Sabuni na uvuguvugu ni sawa. Tatizo ni maji mengi. Mafundi wengi hupaka vanishi usoni mwa mlango na kusahau ukingo wa chini, na kwenye ukingo huo vinyweleo vya mbao viko wazi. Maji yakiingia hapo, mlango unavimba na kuanza kukwaruza fremu. Kipindi cha masika hewa ya Dar ina unyevu mwingi, hivyo mbao iliyolowa huchelewa kukauka.

Chukua mfano wa mlango mmoja wa kabati, upana sentimita 40 na urefu 60, ulio juu ya jiko la gesi na haujafutwa kwa miezi sita. Zima gesi na ufungue dirisha. Kwanza futa vumbi kwa kitambaa kikavu laini bila kukandamiza, maana vumbi letu lina mchanga, na mchanga uliolowa ni msasa. Kwenye beseni weka lita 1 ya maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayavumilia bila shida, na kijiko 1 cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo. Beseni la pili liwe na maji matupu.

Kamua fulana kuukuu ya pamba hadi isidondoshe hata tone. Anza chini kwenda juu. Ukianza juu, michirizi ya sabuni hushuka kwenye sehemu chafu na kuacha njia nyeupe ambazo ni kazi kuzisawazisha. Ikunje fulana, ibandike juu ya sehemu nzito na uiache dakika 2 hadi 3. Sehemu hiyo kwa kawaida ni ukingo wa chini, kwa sababu mvuke huugonga kwanza. Kisha futa kwa kufuata mistari ya mbao. Kitambaa kitatoka na rangi ya chai. Geuza upande safi, rudia. Kwenye nakshi na pembe za paneli tumia mswaki laini.

Suuza kwa kitambaa cha maji matupu, kisha kausha papo hapo. Hatua ya kusuuza ndiyo inayorukwa zaidi. Sabuni iliyobaki hukauka kama ukungu, mtu akadhani ni mafuta, akaongeza sabuni, na ukungu ukazidi. Pitisha kidole kikavu: kikinata au kikiacha alama, bado kuna utando.

Kama mizunguko miwili haijatosha, lowesha kidogo kitambaa kwa tapentaini ya mafundi rangi, futa sehemu ndogo moja baada ya nyingine, kisha malizia kwa maji ya sabuni na kusuuza. Haiyeyushi vanishi iliyokauka vizuri, ila inashika moto, hivyo jiko lisiwashwe hadi harufu iishe. Mafuta ya taa huyeyusha utando pia, lakini huacha unyevu wa mafuta na harufu ya siku nyingi, kwa hiyo hayafai. Thina isiguse kabisa. Baadhi ya vanishi za kupuliza, hata zikiwa na miaka, hulainika tena papo hapo zikikutana na thina, na alama ya kitambaa hubaki imechapwa.

Siki? Ina kazi kwenye chokaa ya birika. Mafuta haiyatoi.

“Ukimaliza paka mafuta kidogo, mbao ing'ae.”

Inang'aa siku hiyo. Vanishi iliyo nzima haipitishi mafuta hadi kwenye mbao, kwa hiyo yanabaki juu, yanakamata vumbi na kuanza kunata. Umerudisha kwa mkono kile ulichotoka kukifuta. Mlango uliofifia baada ya kusafishwa vizuri umechakaa vanishi, na hilo halitibiwi na mafuta ya kula wala ya mgando.

“Pale kwenye kitasa pananata, basi ni uchafu.”

Hapa ndipo watu husugua wiki nzima bila mafanikio. Jasho na mafuta ya ngozi yakigusa sehemu ileile kila siku kwa miaka, hupenya ndani ya vanishi na kuilainisha yenyewe. Kupima ni rahisi: safisha kama tulivyoeleza, acha siku nzima ikauke, kisha bonyeza kwa ukucha pembeni ya kitasa. Ukucha ukiacha shimo, au ukikwangua ukipata kitu laini cha kahawia kama ulimbo, hiyo ni vanishi iliyooza. Hakuna sabuni itakayoirudisha.

Dawa yake ni kuiondoa. Fungua kitasa, kwangua ile laini kwa bapa la chuma lisilo kali sana, kwa sababu msasa peke yake utajaa na kuziba. Ukifikia pagumu, piga msasa namba 220 ukifuata mistari ya mbao na uvuke kidogo mpaka wa sehemu mbovu. Futa vumbi, pitisha tapentaini, iache ikauke, kisha paka vanishi mikono miwili myembamba kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Mafuta yakibaki chini, vanishi mpya itajikusanya na kuacha vitundu vya mviringo. Usipake siku ya mvua, hasa ile ya kupuliza, maana unyevu huifanya iwe na wingu jeupe.

Unaporudisha vifaa, kwenye makabati yaliyokuwa yakivutwa kwa ukingo wa mbao funga vishikio vya chuma vinavyotokeza vya kutosha vidole kuingia bila kugusa mlango.