Penzi jipya halili saa zako, linakula mianzo yake

Wanafunzi wengi ninaowashauri huniambia jambo lilelile: "Tangu nianze uhusiano sina muda." Mara nyingi muda upo. Ukipiga hesabu ya wiki nzima unauona kabisa, na hapo ndipo penye fumbo.

Tumchukue mwanafunzi wa mfano, binti wa mwaka wa pili. Anasoma takwimu, anapiga gitaa, ana marafiki wawili wa damu, na ana penzi la wiki sita. Wiki ina saa 168. Akilala saa 8 kila usiku, 56 zimeondoka. Vipindi vya darasani ni 20. Kula, kuoga, kufua, safari na shughuli ndogondogo tuzipe 28. Hapo zinabaki 64. Kujisomea ni saa 20, gitaa 3, marafiki 5. Bado ana saa 36, na hata akimpa mpenzi wake 18, nusu ya hizo haijaguswa.

Kwa nini basi gitaa lina vumbi na zoezi la wiki iliyopita halijafunguliwa?

Kwa sababu penzi haliji likiwa pande moja la saa 18. Linakuja vipande vipande kwenye simu, na vipande hivyo hutua mahali pabaya. Amekaa mezani saa moja jioni ili asome hadi saa tatu. Ndani ya dakika hizo 120 zinaingia meseji 12. Kila moja inamchukua dakika 2 kusoma na kujibu, jumla 24. Hiyo si hasara kubwa. Hasara ni kurudi: kutafuta mstari alioachia, kukumbuka alikuwa anahesabu nini, huku akili bado inatafuna ile sentensi ya mwisho ya mpenzi. Tuseme ni dakika 5 tu kila mara, tayari ni 60. Amebakiwa na dakika 36 za kusoma, lakini mwili wake unamwambia amesoma saa mbili, kwa hiyo anafunga daftari akiwa amechoka kwa haki.

Tena kipindi hiki cha mwanzo ni kigumu kwa namna yake. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Henk van Steenbergen na wenzake, waliwapima watu 43 ambao uhusiano wao haukufika nusu mwaka. Waliwapa kazi za kuzingatia jambo moja na kupuuza vinavyovuruga. Kadiri mtu alivyozama zaidi katika penzi, ndivyo alivyoshindwa zaidi kupuuza. Kipimo hicho hakithibitishi kwamba penzi ndilo lililosababisha, lakini kinatosha kunizuia kumwambia mtu "jikaze tu". Kujikaza ndiko hasa kulikopungua.

Ninachopendekeza ni kulinda mwanzo wa kila kipindi kuliko urefu wake. Dakika 10 za kwanza zikipita salama, kazi yenyewe huanza kukuvuta.

Fanya hivi. Kabla ya kuondoka mezani leo, andika kwenye karatasi hatua ya kwanza ya kesho, ndogo na ya kushikika: "Swali la 4, chora jedwali." Usiandike "soma takwimu", kwa sababu hilo linakuachia kazi ya kuamua, na anayetakiwa kuamua tayari anawaza mengine. Kesho simu iwe chumba kingine au ndani ya begi lililofungwa. Kuilaza kifudifudi mezani hakutoshi, maana bado unaisubiri iteteme. Soma dakika 40, kisha chukua 10 za simu bila hatia. Saa mbili zinakupa vipindi viwili vya kusoma na kipande cha dakika 20 kilichobaki, ambacho unakitumia kwa kufanya upya, bila kutazama daftari, yale uliyoyasoma kipindi cha kwanza. Dakika 100 dhidi ya 36, na mpenzi amejibiwa mara mbili.

Mpango huu huvunjika sehemu moja hasa: mpenzi hajui kinachoendelea. Ukimya wa dakika 40 kwa mtu aliyezoea kujibiwa papo hapo huonekana kama kununa. Akituma "umekasirika?" nawe ukaiona, kipindi kimekwisha. Kwa hiyo mwambie mapema, na umpe saa ya kurudi: "Nasoma hadi saa tatu, natazama simu saa mbili kasoro ishirini, halafu tatu nakupigia." Ile ahadi ya mwisho ndiyo inayomtuliza, nawe itimize kweli. Ukichelewa kupiga mara tatu, amini usiamini, meseji zitarudi kuwa 12. Ikiwa hata baada ya kuelezwa anakasirika kila unaposoma, anataka kuona simu yako au anakukataza marafiki, hilo si suala la ratiba tena. Zungumza na mtu mzima unayemwamini au mshauri.

Upande wa marafiki hesabu ni nyingine. Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford alieleza mwaka 2010 kwamba watu wengi wana kama watu watano wa karibu kabisa, lakini walio katika mapenzi huwa na wanne, na mmoja wa hao wanne ndiye mpenzi. Yaani penzi linaingia, wawili wanatoka. Hawatoki kwa ugomvi. Wanatoka kwa "tutaonana wiki ijayo" isiyo na siku.

Dawa yake ni kuwa na miadi inayojirudia, siku ileile na saa ileile, ili isihitaji kupangwa upya. Kwa binti wetu, Alhamisi jioni, kwa muda wa saa mbili na nusu, na marafiki wote wawili inatosha kama nguzo. Saa nyingine zitajipata. Ikibidi kuahirisha, meseji ya kuahirisha iwe na siku mpya ndani yake. Na mkikutana, mpenzi asiletwe kila mara. Marafiki watamkaribisha kwa adabu, lakini yale mambo yao mazito hawatayasema mbele yake, na baada ya mwezi utashangaa kwamba hujui wanapitia nini. Hicho ndicho kipimo changu: jiulize rafiki yako anahangaika na nini wiki hii. Ukikosa jibu, mmekuwa mkizungumzia penzi lako tu.

Burudani ndiyo hufa kwanza, hasa ile ya peke yako, kwa kuwa hakuna anayekusubiri. Kwaya au timu ina watu wa kuuliza umekwenda wapi, gitaa halina. Litoe kwenye mfuko wake, liegemeze karibu na kitanda, na uweke kiwango cha chini ambacho huwezi kukikosa: dakika 15, mara nne kwa wiki. Ni saa moja tu kati ya zile tatu za mwanzo, nami naona ni bei nzuri kwa miezi ya kwanza, maana vidole visivyogusa nyuzi hulainika na siku ya kurudi ukaumia, ukaacha tena. Kumpigia mpenzi wimbo ni jambo tamu, ila usiihesabu kama mazoezi. Mbele yake utapiga unachokijua. Mazoezi ni kurudia kile kinachokushinda.

Kuhusu usingizi, kuna jambo moja tu: simu ya saa nne usiku isiyo na mwisho huila asubuhi ya kesho, pamoja na kipindi cha darasani. Weka kengele dakika 30 kabla ya muda wako wa kulala, na ikilia ndipo muanze kuagana. Kuagana kwenyewe huchukua hizo 30.