Usage mshono kiasi gani kabla ya kupaka rangi

Mama mmoja mwenye mgahawa alinirudishia benchi nililomtengenezea miezi mitatu nyuma. "Fundi, hapa rangi imepasuka," akaniambia, huku akinionyesha kona ya mbele. Niliangalia nikaona ufa mwembamba kama unywele, wenye kutu ya kahawia, umepita katikati ya kona pale vipande viwili vilipoungana. Rangi haikuwa na kosa. Mshono wenyewe wa kuchomelea ndio uliofunguka, na rangi ikafuata.

Nililikata lile benchi palepale kwenye kona ili nione ndani. Fremu ilikuwa ya skwea paipu ya milimita 40 kwa 40, ukuta wa milimita 1.5, imekatwa nyuzi 45. Kwa kutazama ile sehemu iliyokatwa, chuma cha mshono kilikuwa kimeshika theluthi moja tu ya unene wa ukuta, upande wa juu. Chini yake vile vipande viwili vilikuwa vimegusana tu, hata alama za jiwe la kukatia zilikuwa bado zinaonekana. Siku ile nilipouchomelea, mshono ulikuwa na tuta zuri limesimama juu ya bomba, na nguvu yote ilikuwa kwenye lile tuta. Kisha nikalisaga lote likawa sawa na bomba, mteja akasifu kona ilivyo laini. Kilichobaki kushika uzito wa watu watatu ni nusu milimita ya chuma.

Tangu hapo nalichukulia suala la kusaga kuwa linaanzia kwenye kukata. Kama unajua uso fulani utasagwa hadi uwe sawa, moto lazima uingie hadi ndani, kwa sababu tuta la juu utaliondoa. Mimi naacha mwanya wa kama milimita moja kati ya vipande viwili kwenye nyuso hizo, nashika kwanza kwa nukta kwenye pembe, napima kwa skwea, ndipo naunganisha. Kwa elektrodi za 2.5 kwenye ukuta wa 1.5 naanzia ampia 55 hivi, nachomelea vipande vifupi vifupi na kuacha chuma kipoe katikati, la sivyo bomba linatoboka. Ukibana vipande bila mwanya kabisa na kushusha moto kwa kuogopa kutoboa, utapata tuta refu lililokaa juu kama uji uliomwagika mezani. Hilo usilisage.

Jambo la pili ni kuamua mapema ni wapi hutasaga kabisa. Kona ya nyuzi 45 ina mistari minne: miwili kwenye nyuso bapa, mmoja kwenye ukingo wa nje, na mmoja kwenye pembe ya ndani. Kwa fremu ya meza, uso wa juu lazima uwe bapa ili ubao ukae, na ukingo wa nje unaonekana. Pembe ya ndani na uso wa chini haumsumbui mtu. Hapo naviacha vilivyo, nasafisha tu, na ndivyo vinavyoibeba kona mteja akivuta meza kwa nguvu. Vijana wengi wanaojifunza husaga pembe ya ndani pia kwa kutaka usafi, tena kwa ukingo wa jiwe, na wanachimba mfereji kwenye ukuta wa bomba. Mfereji ule ndio mahali ufa unapopenda kuanzia.

Sasa kusaga kwenyewe. Gonga slagi yote, piga brashi ya waya, uangalie mshono kabla ya kuwasha grenda. Tundu ukiliona sasa ni rahisi kulirekebisha kuliko baadaye. Kisha chukua maka peni upake rangi bomba pande zote mbili za tuta, upana wa vidole viwili. Hiyo ndiyo mipaka yako. Jiwe la kusagia liguse tuta peke yake. Alama ya maka ikianza kufutika, umeshatoka kwenye mshono, sasa unakula ukuta wa bomba, na ukuta wa 1.5 hauna cha kugawia.

Jiwe la kusagia nalitumia kupunguza kilele tu, hadi tuta libaki limeinuka kama unene wa kadi ya simu. Hapo naliweka chini na kufunga diski ya msasa, namba 60, kisha 80. Jiwe ni gumu na linachimba. Diski ya msasa inalegea kidogo, inafuata uso. Nailaza karibu bapa, naisogeza kwa kufuata urefu wa bomba bila kuikandamiza, wala siikalishi sehemu moja. Chuma kikigeuka bluu ujue umekandamiza, au ukuta hapo umeshakuwa mwembamba kiasi kwamba joto halina pa kwenda. Acha kipoe, upime kwa ukingo wa rula ya chuma: uweke kupita juu ya mshono, ulete mwanga nyuma yake. Mwanga ukipenya katikati umechimba bonde; ukipenya pande zote mbili, tuta bado lipo.

Ukingo wa nje unahitaji mkono mwepesi kuliko sehemu nyingine zote. Pale kuta mbili zinakutana kwa ncha, na mtu akitaka pembe ya mviringo huwa anaondoa mshono wenyewe. Mimi navunja makali tu kwa msasa wa mkono.

Na tafadhali, usisage kwa ubavu wa jiwe la kukatia. Lile la milimita moja halikutengenezwa kubeba nguvu ya pembeni, linapasuka na vipande vinaruka kuelekea usoni.

Ukimaliza, matundu yaliyojificha chini ya tuta hujitokeza kama vidoto vyeusi. Hapa ndipo wengi hukimbilia filla. Filla inaziba macho, haibebi uzito, na slagi iliyobaki chini yake huendelea kuvuta unyevu. Chimbua kidoto hadi uone chuma king'aavu, choma upya, saga tena. Filla naiweka tu kwenye bonde dogo juu ya mshono ambao nina uhakika nao.

Uhakika huo naupata kwa kipande cha majaribio. Kabla ya kazi mpya nachomelea kona moja ya mabaki, mwanya uleule, ampia zilezile, nasaga nyuso zake ziwe sawa, hata pembe ya ndani kwa mara hii. Naibana kwenye jiliwa na kuipiga nyundo hadi ikunjike. Bomba likikunjika pembeni ya mshono, mpangilio wangu ni mzuri. Mshono ukifunguka kwenye mstari, naongeza mwanya au ampia na kurudia. Ni dakika kumi na kipande cha mabaki.

Mwisho ni msasa 120 kwa mkono, ili mikwaruzo ya diski isionekane chini ya rangi, halafu kitambaa cheupe chenye tina. Nafuta na kugeuza upande hadi kitambaa kisitoke cheusi, kwa sababu bomba jipya linakuja na mafuta ya kiwandani. Baada ya hapo sishiki chuma kwa mkono mtupu. Huku kwetu pwani, chuma kilichosagwa jioni asubuhi kimeshapata kutu ya rangi ya chungwa, kwa hiyo sianzi kusaga fremu ambayo sitaweza kuipaka redoksaidi siku hiyohiyo. Pembe za ndani zenye tuta nazipitia kwanza kwa brashi ndogo, maana bunduki ya rangi haifiki vizuri kwenye mikunjo yake.

Benchi la yule mama nililikata kona zote nne nikazichomelea upya, bila kumtoza.