Malipo ya apu yakiisha, gari bado inawaka

"Nimenunua gari imetumika hapa Ngong Road, dealer anasema nisipolipia ile huduma ya apu ya simu inayounganishwa na gari, gari itakataa kuwaka, ni kweli?"

Hapana bro, ukiwa ndani na ufunguo wako utabonyeza kitufe na injini itawaka kama kawaida, kinachokufa ni vile vitu vinavyopitia mtandao: kuwasha gari kwa simu, kufunga milango ukiwa mbali, na jam ya papo hapo, yaani ramani inabaki lakini zile rangi za kuonyesha Thika Road imesimama zinapotea. Kwa hiyo ya jam usijali, kama gari ina Android Auto unganisha simu utumie Google Maps.

Sasa hapa ndipo watu hupotea. Muda wa bure wa hiyo huduma huhesabiwa tangu gari iuzwe mara ya kwanza ikiwa mpya, si siku wewe umelipa, kwa hivyo kama iliuzwa 2019 na miaka 3 ya bure, iliisha 2022. Na kuna Toyota za Marekani za 2018 kuendelea ambazo hata rimoti ya mkononi haiwashi gari toka mbali bila hayo malipo, na hiyo kwa kweli inaudhi.